Karamu ya Mithra tunaijua, mafundisho yake hatuyajui

Waumini wa Mithra, mungu aliyependwa sana na askari wa dola ya Rumi, hawakutuachia kitabu. Ilikuwa ibada ya siri kama mambo ya jandoni: ukishaingizwa, hutoi nje. Tulicho nacho ni mahekalu madogo yenye giza, sanamu za Mithra akichinja fahali, maandishi mafupi yaliyochongwa mawe, na mabaki ya chakula.

Hekalu la Carrawburgh, karibu na Ukuta wa Hadriani, mpaka wa Warumi kaskazini mwa Uingereza, lilichimbwa mwaka 1950. Ndani yake zilisimama madhabahu tatu, kila moja na jina la mkuu wa Kikosi cha Kwanza cha Wabatavi, askari walioanza kuandikishwa huko mdomoni mwa mto Rhine. Ya Marcus Simplicius Simplex ina sura ya mungu mwenye miale kichwani, na miale hiyo imetobolewa ili taa ikiwekwa nyuma yake nuru ipenye. Hapa jiwe lenyewe linaeleza waumini walionyeshwa nini gizani.

Kwenye chumba cha kuingilia, kando ya jiko, kulikuwa na shimo lililojengewa mawe, linalomtosha mtu kulala. Wachimbaji walisema ndimo waingiaji wapya walimofunikwa ili wajaribiwe ujasiri. Huenda. Lakini shimo halina maandishi, wala hakuna kilichookotwa ndani yake kinachothibitisha hivyo. Wazo hilo limetoka kwa waandishi Wakristo waliosimulia majaribu ya Mithra, nao walikuwa wapinzani wake. Mimi ningeandika “shimo”, nikaishia hapo.

Mifupa naiamini zaidi. Huko Tienen, Ubelgiji, mashimo ya kando ya hekalu la katikati ya karne ya 3 yalifukuliwa yakiwa yamejaa vyombo vilivyovunjwa na mifupa ya kuku zaidi ya mia mbili, wengi wao majogoo, pamoja na wanakondoo na watoto wa nguruwe. Vyote vilitupwa kwa mara moja, kwa hiyo ni karamu moja. Wanakondoo na watoto wa nguruwe huzaliwa majira ya kuchipua. Ukisoma umri wao kwenye meno na mifupa, unapata kwamba walichinjwa mwishoni mwa Juni au mwanzoni mwa Julai, siku ambazo jua huchelewa kuzama kuliko zote.

Tienen haikuwa kambi. Ulikuwa mji mdogo wa raia, kwa hiyo jina la “mungu wa askari” linatupotosha kidogo. Tena nyama ile ingewatosha watu zaidi ya mia, na hekalu la Mithra kwa kawaida huketisha watu thelathini hivi. Wengi walikula nje. Kama walikuwa waumini waliokosa nafasi, au majirani, wake na watoto ambao hawakuingizwa kamwe, mfupa wa jogoo hausemi ni nani aliyeutafuna.