Kosa la chapa katika kontra ni lipi, na lipi silo

Kosa la chapa ni pale mkono ulipoandika kitu ambacho hakuna aliyekusudia kiandikwe, na karatasi yenyewe inaonyesha bila shaka kilichokusudiwa ni nini. Maana yake imeishia hapo. Lakini ina sehemu mbili, na ile ya pili ndiyo watu wanayoiruka. Hapa Lubumbashi tunapochapa kontra za nyumba na za kazi, hausikii ikitajwa. Unaletewa kontra iliyokwisha kutiwa sahihi, unaonyeshwa tarakimu, unaambiwa: "Ni kosa la chapa tu, Mama, rekebisha." Pengine ni kweli mkono uliteleza. Swali ni kama mtu asiyewajua hao wawili, akisoma karatasi peke yake, angefika kwenye jibu lilelile. Asipofika, lile si kosa la kurekebisha bali ni jambo la kuuliza.

Tuanze na klavie, maana inafundisha mengi. Klavie ya Kifaransa tunayoitumia haitoi tarakimu mpaka ushikilie kitufe cha herufi kubwa. Ukisahau, mahali pa 0 inatoka `à`, mahali pa 2 inatoka `é`, na mahali pa 1 inatoka `&`. Kwa hiyo ukikuta kodi imeandikwa `15à` dola, usiwe na wasiwasi. Hakuna kiasi cha fedha kinachoitwa hivyo, na kitufe kile kina tarakimu moja tu, ambayo ni 0. Andika 150 na usonge mbele. Vivyo hivyo muda wa miezi `&é` ni miezi 12. Neno lililorudiwa mara mbili, herufi iliyoanguka katikati ya neno, nafasi iliyozidi, vyote hivyo ni vya kundi hilo na havihitaji maneno mengi.

Sasa chukua 105 mahali ambapo pengine palitakiwa 150. Vidole vimepishana, jambo la kila siku. Lakini 105 ni kiasi halali, na kuna nyumba zinazopangishwa kwa dola 105. Karatasi haijakuambia chochote. Makosa yote mawili yametoka kwenye vidole vilevile, lakini la kwanza linajirekebisha lenyewe na la pili linahitaji mwenye neno aseme. Hata neno lililoandikwa kwa herufi zote si salama daima, kwa sababu kwa Kifaransa mbili na kumi na mbili, yaani deux na douze, yanaanza kwa herufi ileile moja na yanafanana kwa umbo, na jicho lenye haraka linapita juu yake. Kontra ya miezi miwili na ya miezi kumi na miwili ni kontra mbili.

Nitoe mfano mmoja niuchambue mpaka mwisho. Kontra ya nyumba ya kukaa, komini ya Kampemba, haijatiwa sahihi bado. Kifungu cha 3 kinasema kodi ni dola 150 kwa mwezi, na kwenye mabano imeandikwa kwa maneno: mia moja na hamsini. Kifungu cha 4 kinasema mpangaji atatoa garanti ya miezi 3, yaani dola 540. Mchapaji anapiga hesabu: 150 mara 3 ni 450. Anaona 4 na 5 zimepishana, na kodi imethibitishwa kwa tarakimu na kwa maneno. Kila kitu kinamwelekeza kuandika 450, na wengi wangeandika bila kuinua kichwa.

Lakini piga hesabu kutoka upande wa pili. Gawa 540 kwa 3, unapata 180, kodi ya kawaida kabisa. Basi kuna njia mbili zilizonyooka sawasawa: ama garanti imekosewa, ama kodi. Mchapaji mwangalifu habadilishi chochote. Anaandika pembeni ya karatasi: "Kifungu cha 3 na cha 4 havipatani. 150 × 3 = 450; 540 ÷ 3 = 180. Ipi ni sahihi? Sijagusa." Angalia jinsi swali hilo lilivyoundwa. Linataja vifungu, linaonyesha hesabu zote mbili, halipendekezi jibu, na linasema wazi kwamba maandishi yako vilevile. Ukiuliza, "Garanti ni 450, si ndiyo?" mtu mwenye haraka atajibu ndiyo.

Katika mfano huu jibu ni 180. Kontra ilitengenezwa juu ya ile ya mpangaji aliyetangulia, kama inavyofanyika karibu kila mahali, ikabadilishwa majina, tarehe na garanti, lakini kifungu cha kodi kikasahauliwa. Ndiyo maana tarakimu na maneno vilikubaliana: vyote viwili vilikuwa vya zamani. Kama mchapaji angeweka 450, kontra ingekuwa safi, hesabu zingelingana, wala hakuna ambaye angeshtuka. Na mwenye nyumba angekosa dola 30 kila mwezi, 360 kwa mwaka, kwa karatasi aliyoitia sahihi mwenyewe. Kontra yenye kasoro inayoonekana ina nafuu, maana mtu ataiona na kuuliza. Iliyosafishwa vibaya inapita.

Kwa majina, mwamuzi ni kadi ya mpiga kura au pasipoti, si sikio lako. Kasongo na Kasango yote ni majina ya watu. Ukiwa na fotokopi ya kadi mbele yako, rekebisha kama kadi inavyosema, hata kama kwako inaonekana kadi ndiyo iliyokosewa, na umjulishe mwenye jina kabla hajatia sahihi. Kama huna fotokopi, omba. Namba ya parseli nayo ni hivyohivyo: 24 na 42 katika avenyu moja ni nyumba za watu wawili.

Kontra ya kazi ina mtego wake, nao ni herufi moja. Juu imeandikwa CDI, yaani kontra isiyo na mwisho uliopangwa. Kifungu cha 2 kinasema kazi inaanza tarehe 1 Machi na kuisha tarehe 31 Agosti. Usiseme "walitaka CDD", yaani yenye mwisho uliopangwa, ukabadilisha I kuwa D. Pengine kichwa ndicho sahihi na kifungu cha tarehe kimebaki kutoka kontra nyingine. Pengine tarehe 31 Agosti ni mwisho wa majaribio, kwa kuwa sheria ya kazi ya mwaka 2002 inaruhusu majaribio hadi miezi 6, isipokuwa kwa kibarua asiye na ujuzi maalum, ambaye kwake ni mwezi 1. Tarehe 1 Machi mpaka 31 Agosti ni miezi 6 kamili! Herufi ile inaamua kama mtu ana kazi ya kudumu au anaondoka Septemba, na mchapaji hana haki ya kuiamua. Tarehe isiyokuwepo, kama 31 Novemba, inataka uulize vilevile. Kila mtu anaona kwamba ni kosa, lakini hakuna anayeona jibu, kwa maana inaweza kuwa 30 Novemba, 31 Oktoba au 1 Desemba.

Hata alama ya mkato inastahili heshima. Kuna kifungu kinachosema: "Mpangaji atalipa vitasa, na vioo vilivyovunjwa naye." Anayependa maandishi mazuri ataiondoa alama hiyo, kwa kuwa kwa kawaida haihitajiki kabla ya "na". Lakini ikiwepo, mpangaji anaweza kudaiwa vitasa vyote vilivyoharibika, hata vilivyokwisha kwa uzee, na vioo vile tu alivyovunja yeye. Ikiondoka, maneno "vilivyovunjwa naye" yanashika vitasa na vioo pamoja. Mwandishi alitaka ipi? Sijui, nawe hujui. Uliza.

Kuna jambo la tatu ambalo watu wanalichanganya humu, nalo ni kifungu kilichochapwa vizuri kabisa lakini kinapingana na sheria. Sheria ya tarehe 31 Desemba 2015 kuhusu kupangisha inasema garanti ya nyumba ya kukaa haipiti kodi ya miezi 3. Ukikuta kontra ya nyumba ya kukaa inadai miezi 6, hapo mkono haukuteleza, mtu ameandika alichokitaka. Usiishushe kimyakimya kuwa 3 ukijiona umemsaidia mpangaji. Waambie wote wawili kwamba kifungu hicho hakikubaliani na sheria, wakae wakiongee, halafu uchape walichopatana.

Yote niliyosema mpaka hapa ni ya kabla ya sahihi. Baada ya sahihi mambo yanabadilika. Kanuni yetu ya mapatano, ya tangu tarehe 30 Julai 1888, inasema mapatano yaliyofanywa kihalali ni sheria kwa waliopatana, na hayavunjwi ila kwa ridhaa yao wote au kwa sababu ambazo sheria inaruhusu. Kwa hiyo kufungua faili kwenye ordinateri, kubadilisha ukurasa mmoja na kuuchomeka mahali pa ule wa zamani si kurekebisha hata kama ni herufi moja, kwa sababu ukurasa uliotiwa parafu, yaani sahihi fupi ya kila upande, umetoka na mwingine usio na parafu umeingia. Kosa dogo lililo wazi, kama ile `15à`, linapigwa mstari mmoja ili la zamani liendelee kusomeka, la sahihi linaandikwa juu yake, na pande zote mbili zinatia parafu na tarehe pembeni, kwenye nakala zote. Usipake blanko. Ukipaka, miaka miwili baadaye hakuna atakayeweza kuonyesha kilichokuwepo chini yake.

Kiasi cha fedha, muda, jina la mtu, kitu kinachopangishwa, aina ya kontra, hayo yakibadilika yanataka avenanti. Ni karatasi fupi inayotaja kontra na tarehe yake, kifungu kinachoguswa, maneno ya zamani, maneno mapya, na kwamba mengine yote yanabaki yalivyo, kisha sahihi za wote wawili. Kama kontra ilipigwa muhuri mahali fulani, avenanti nayo ipelekwe hapohapo.

Basi, Papa ukija peke yako na kontra ya mwaka jana, ukaniambia garanti ya miezi 3 ilikuwa kosa la chapa na tulipaswa kuandika tofauti, sitakubishia juu ya ulichokusudia. Pengine ndivyo mlivyosemezana. Nitakuomba tu uje na mpangaji wako, tuandike avenanti, na tukifika kwenye namba ya miezi nitawasomea nyote wawili sheria inavyosema.