Usimsagie bibi kila kidonge: dhana na ukweli kwa anayemuuguza mgonjwa asiyeweza kumeza

Dhana: Kidonge ni kilekile, kimezwe au kisagwe.

Hii ndiyo dhana ninayoipinga kuliko zote, kwa sababu niliona kwa macho yangu ilichofanya Mikindani. Bibi wa miaka 68 alikuwa ametoka hospitali baada ya kiharusi, upande wa kulia umelegea, na kila akimeza anapaliwa. Mkwe wake alimpenda na hakutaka akose dozi. Asubuhi alichukua kidonge cha presha, nifedipini miligramu 20, akakiponda katikati ya vijiko viwili na kukikoroga kwenye uji mzito. Nilipoitwa, vijiko vilikuwa bado juu ya stuli, kimoja kimebaki na unga wa njano.

Bibi alikuwa analowa jasho, moyo unakwenda mbio, anaitika kwa shida. Presha iliyokuwa 168/96 jana yake jioni ilikuwa imeshuka hadi 84/50. Tulimlaza kwa ubavu, tukamwinua miguu, hatukumpa kitu mdomoni, tukamkimbiza hospitali.

Ukweli: Kwenye pakiti ya dawa ile, pembeni ya jina, palikuwa na neno Retard. Kidonge cha namna hiyo kimetengenezwa kitoe dawa kidogokidogo kwa saa nyingi, na ndiyo maana bibi aliandikiwa asubuhi na jioni tu. Ukikiponda unavunja kile kinachoizuia dawa, na dozi ya nusu siku inaingia mwilini karibu yote kwa mara moja. Mishipa inatanuka ghafla, presha inaanguka. Kwa mtu ambaye ubongo wake umetoka kukosa damu, kuanguka huko kunaweza kumletea kiharusi kingine. Jioni nako dawa inakuwa imekwisha, presha inapanda tena.

Tazama herufi zinazofuata jina la dawa: SR, MR, XL, XR, CR, LA au Retard. Ukiziona, usisage wala usimwambie mgonjwa atafune. EC nayo usiisage: gamba lake linailinda dawa isiharibiwe na asidi ya tumbo, au linalilinda tumbo lisiunguzwe na dawa. Usipoziona herufi, bado uliza, maana si kila kiwanda huziandika.

Dhana: Kapsuli ni ganda tu, ukifungua unamwaga na kusaga.

Ukweli: Inategemea kilicho ndani. Fungua kapsuli ya omeprazoli utaona punje ndogo za mviringo. Kila punje ina gamba lake dhidi ya asidi, kwa hiyo ukizisaga dawa inaharibika tumboni kabla ya kufanya kazi. Lakini kwa anayeweza kumeza kitu laini, kapsuli nyingi za aina hii hufunguliwa na punje zikawekwa nzima kwenye kijiko cha mtindi, akameza papo hapo bila kutafuna. Kwa mwenye mpira wa puani unaofika tumboni usijaribu mwenyewe, kwa kuwa punje hujikusanya na kuziba mpira.

Dhana: Kama hakisagwi, basi bora aache dawa mpaka apone.

Ukweli: Kuacha ghafla dawa ya presha au ya kifafa ni hatari nyingine. Kinachotakiwa ni kubadilishiwa. Rudi kwa daktari au mfamasia na pakiti zote mkononi, mwambie waziwazi, "Mgonjwa wangu hamezi." Dawa ya kifafa yenye sodiamu valproeti, kwa mfano, ipo ya maji. Lakini dozi apange yeye, kwani dawa ya maji huenda ikahitaji kugawanywa mara nyingi zaidi kwa siku.

Bibi wa Mikindani alibadilishiwa amlodipini miligramu 5, mara moja kwa siku. Hiki ni kidonge cha kawaida: kinachoifanya idumu ni dawa yenyewe, inayokaa mwilini muda mrefu, siyo gamba. Kwa hiyo kukilainisha hakuleti balaa lile.

Alikuwa amewekewa mpira wa puani, na mkwe alifundishwa hivi. Mgonjwa anainuliwa akae. Mpira unasafishwa kwanza kwa maji safi mililita 30. Kidonge kinawekwa kwenye maji mililita 15 hadi kimeguke, kinakorogwa na kupitishwa mara moja kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Kikombe kinasuuzwa, maji hayo nayo yanapita, kisha mililita 30 nyingine. Kila dawa inapita peke yake, wala haichanganywi na uji, kwa sababu uji huganda njiani na dozi ikabaki kwenye mpira.

Wiki mbili baadaye presha ya bibi ilikuwa 142/84. Vijiko vile viwili mkwe alivirudisha jikoni.