Taa za duka zikicheza, mwandikie fundi ulichokiona

Malalamiko yanayofika kwenye dawati letu kutoka kwa wenye maduka siku hizi yamefanana mno. Fundi aliitwa, akalipwa, taa zikatulia wiki moja, kisha zikaanza tena kufifia na kurudi. Tunapomwomba mlalamikaji karatasi ya makubaliano na fundi, anatuonyesha meseji kwenye simu: "Fundi njoo, umeme unasumbua dukani." Bei haikuandikwa, wala kilichokaguliwa na kilichobadilishwa. Shauri la namna hiyo hatuna pa kulishikia.

Kwa hiyo leo nazungumzia barua moja tu: ya mwenye duka kwenda kwa fundi umeme, kueleza taa zinavyocheza, kuomba ukaguzi na kuomba kotesheni ya maandishi. Mifano ni ya mfumo wetu wa Tanzania, wa volti 230 kwa duka la kawaida.

Kabla ya barua kuna hali moja isiyosubiri barua. Angalia kama taa zako zinafifia tu, au kuna wakati zinang'aa kupita kawaida. Majengo mengi ya fremu za kupangisha yanaingiziwa umeme wa fezi tatu, kila fremu ikapewa fezi moja, na nyutro, waya unaorudisha umeme, wakawa wanachangia. Nyutro huo ukikatika au ukilegea, fremu mbili zinajikuta zimeunganishwa kati ya fezi mbili zenye volti 400. Duka lenye mzigo mdogo ndilo linalobeba volti nyingi: taa zake zinang'aa, feni inakimbia, televisheni inaungua, na wakati huohuo jirani analalamika kwamba umeme wake ni mdogo. Ukiona hivyo, zima swichi kuu, waambie majirani wazime, na toa taarifa TANESCO saa ileile. Fundi wako ataangalia upande wa jengo baada ya hapo.

Zikiwa zinafifia tu, una muda wa kuandika. Lakini si muda wa mwezi mzima, na nieleze kwa nini, maana hapa pana dhana potofu inayonichosha. Mtu atakwambia, "Kungekuwa na hatari, breka ingejikata." Hapana. Breka inakata pale umeme unapopita mwingi kuliko kiwango chake. Skrubu iliyolegea haivuti umeme wa ziada hata kidogo, inauzuia tu upite vizuri. Chukua kiungo kilicholegea chenye ukinzani wa ohmu 1, na duka linatumia ampia 10. Volti 10 zinapotea palepale, ndiyo maana taa zinafifia, na joto la wati 100 linazalishwa kwenye kichwa cha skrubu kisichozidi punje ya harage. Breka ya ampia 32 inaona ampia 10 na kutulia, huku plastiki pembeni yake inakauka na kuwa nyeusi. Na mwingine hukimbilia kununua stebilaiza. Stebilaiza haikazi skrubu.

Sasa barua. Hii imetoka kwenye mojawapo ya mashauri tuliyoyashughulikia, nikaondoa majina.

*Duka la Stesheneri,*
*Fremu Na. 4,*
*Morogoro.*
*Tarehe: ……………*

*Ndugu Fundi,*

*YAH: TAA ZA DUKA KUFIFIA – OMBI LA UKAGUZI NA KOTESHENI YA MAANDISHI*

*Husika na kichwa cha habari hapo juu.*

*Mimi ni mpangaji wa fremu iliyotajwa. Nina taa sita za LED, mashine moja ya fotokopi, friji moja ndogo ya soda na soketi nne. Mita ni ya LUKU, ya fezi moja, na iko nje ukutani.*

*Kwa wiki tatu sasa taa zote sita zinafifia kwa pamoja. Mwanzoni ilikuwa pale tu fotokopi inapowashwa, kwa sekunde moja au mbili. Tangu wiki iliyopita zinafifia hata fotokopi ikiwa imezimwa, hasa friji inapoanza kunguruma, na mara mbili zimecheza tulipofunga shata la mlango kwa nguvu. Hazijawahi kung'aa kupita kawaida. Majirani wa fremu ya 3 na ya 5 wanasema kwao hakuna tatizo. Juzi jioni nilisikia harufu kama ya samaki karibu na swichi kuu, na nilipogusa boksi kwa nje lilikuwa na uvuguvugu. Tangu hapo nimesimamisha friji na fotokopi, na usiku nazima swichi kuu.*

*Friji ilifungwa mwaka jana na kijana ambaye simpati tena. Hakuna kingine kilichobadilishwa.*

*Naomba uje kufanya ukaguzi, ukitaja kwanza ada ya ukaguzi peke yake. Baada ya ukaguzi naomba maelezo ya ulichokikuta, na kotesheni inayotenganisha vifaa na ufundi, ikionyesha ukubwa wa waya na aina ya vifaa, vipimo utakavyofanya ukimaliza, muda wa kazi, muda ambao bei haitabadilika, na dhamana. Naomba pia nakala ya leseni yako. Kazi isianze kabla sijasaini kotesheni.*

*Wako,*
*(sahihi)*
*Mmiliki wa duka*

*Nakala: Mwenye jengo*

Tazama kwanza kile ambacho mwandishi hakukifanya. Hakuandika "naomba unibadilishie waya." Katika shauri mojawapo, mwenye duka aliandika hivyo hasa, fundi akampa bei ya kubadilisha waya duka zima, laki sita, na kwa karatasi zilivyo fundi hakukosea. Alijibu alichoulizwa. Ukimwandikia fundi dawa, atakuuzia dawa. Mwandikie dalili.

Na dalili za barua hii zinazungumza. Fotokopi ina hita ndani yake inayowaka na kuzima, na taa kutikisika kidogo hita inapowaka kunaweza kutokea hata kwenye duka lenye waya salama. Barua ingeishia hapo, fundi angefikiria waya mwembamba au mzigo mwingi kwenye laini moja. Lakini taa zinacheza fotokopi ikiwa imezimwa, na zinacheza shata likigongwa. Mtikisiko wa ukuta unaogusa umeme maana yake kuna kitu kimelegea. Taa zote sita kwa pamoja: basi kimelegea mahali zote zinapopitia, si kwenye kishikio cha taa moja. Majirani wako salama: basi yaelekea si laini ya mtaani. Harufu ya samaki ni ya plastiki ya vifaa vya umeme ikiungua, na boksi lenye uvuguvugu linaonyesha mahali penyewe. Fundi anayeijua kazi akisoma aya hiyo anakuja siku hiyohiyo akiwa na swichi kuu mpya kwenye begi.

Sentensi kuhusu shata ndiyo watu wengi wangeiacha, wakidhani ni ya kitoto. Iandike.

Kuhusu nakala kwa mwenye jengo, tusipuuzie. Mpangaji akibadilisha swichi kuu bila taarifa, siku ya kuhama wanagombana nani mmiliki wa nini, na wote wawili wanakuja kwetu. Mpe nakala, akusainie kwamba amepokea, andika tarehe.

Kuhusu mita vilevile. Waya unaoingia kwenye mita na mita yenyewe ni mali ya TANESCO. Fundi wako mipaka yake inaanza pale umeme unapotoka kwenye mita. Akikwambia afungue lakiri ya mita "aangalie kidogo", mzuie, kwa sababu kuchezea mita ni kosa, na anayefuatwa kwanza ni mwenye akaunti. Ukaguzi ukionyesha tatizo liko upande huo, fundi aandike hivyo, na wewe upeleke taarifa TANESCO ukiwa na karatasi hiyo.

Na leseni. Kwa Sheria ya Umeme ya mwaka 2008, kufunga mifumo ya umeme ni kazi inayohitaji leseni ya EWURA. Leseni ina daraja na tarehe ya mwisho, visome vyote viwili. Mwenye daraja la chini haruhusiwi kufanya kazi ya ukubwa wowote atakao. Anayefanya bila leseni anatenda kosa la jinai. Sisemi kila asiye na leseni hajui kazi, wapo mafundi wa mtaani wenye mikono mizuri sana. Ila moto ukitokea, bima na mpelelezi hawataulizia mikono yake.

Katika shauri letu la fremu ya 4, fundi alikuja, akatoza 30,000 za ukaguzi na kuandika alichokikuta: skrubu ya nyutro kwenye swichi kuu imelegea, ganda la waya limeungua kiasi cha sentimita mbili, na friji imeunganishwa kwenye laini ya taa kwa waya wa milimita 1.5. Kotesheni yake ilikuwa ya ukurasa mmoja. Swichi kuu mpya pamoja na kinga ya umeme unaovuja ya miliampia 30, shilingi 95,000. Waya wa milimita 2.5, soketi na breka yake kwa ajili ya friji peke yake, 45,000. Ufundi na vipimo, 70,000. Jumla 210,000, bei isiyobadilika kwa siku 14, dhamana ya ufundi miezi sita.

Fundi wa pili aliandika mstari mmoja: "Marekebisho ya umeme wa duka, 180,000." Mwenye duka alitaka kumchukua huyu kwa kuwa ni nafuu. Nafuu ya nini? Mstari ule hausemi kama swichi kuu itabadilishwa au itakazwa tu, na waya ulioungua ukikazwa bila kukatwa hautashika muda mrefu. Isitoshe, juu yake palikuwa na neno "makadirio". Makadirio yanaweza kupanda kazi ikiendelea. Kotesheni iliyosainiwa na pande zote mbili haipandi hadi msaini karatasi nyingine ya kazi ya ziada. Soma neno lililoandikwa juu kabla ya kusoma namba iliyo chini.

Kipengele cha vipimo ndicho kinachorukwa zaidi. Taa kuwaka si kipimo. Fundi apime kwa mega, kifaa cha kupima ganda la waya, kama ganda hilo linazuia umeme, umeme ukiwa umezimwa na vifaa vimechomolewa. Kwa mfumo wa volti 230 kipimo kisiwe chini ya megaohmu 1. Abonyeze kitufe cha majaribio cha kinga ya umeme unaovuja, ikate mbele yako. Kisha washa friji na fotokopi kwa pamoja, ufunge shata kwa nguvu, mkitazama taa.

Majibu hayo yaandikwe kwenye risiti au karatasi ya makabidhiano, na vifaa vilivyotolewa uachiwe wewe. Mwenye fremu ya 4 alituletea swichi kuu ya zamani ndani ya mfuko wa nailoni. Upande wa waya wa moto skrubu bado iling'aa. Upande wa nyutro ilikuwa ya kahawia, na plastiki iliyoizunguka ikamegeka nilipoigusa kwa kalamu.