Hela iliyoingia benki siyo mauzo yako: kamisheni ya App Store na Google Play inavyoandikwa vitabuni

Kuna kijana alinijia ofisini na steitimenti ya benki mkononi, ana aplikesheni ya mazoezi ya hesabu kwa watoto, wazazi wanalipia sabskripsheni ya kila mwezi kupitia App Store. Akaniambia mapato yangu ya mwezi huu ni dola 8,500, angalia mwenyewe, ndo hela iliyoingia. Nikamuuliza mteja mmoja analipa ngapi, akasema dola 12, na wateja wako 1,000. Sasa 12 mara 1,000 ni 12,000, yeye anasema 8,500, na mauzo anayotakiwa kuandika siyo hata moja kati ya hizo mbili, ni dola 10,000.

Hili swali tunalipata sana kwenye kitengo chetu kwa hiyo nimeona niliandike taratibu, na mfano nitumie huo huo wa kijana mpaka mwisho.

Tuanze na dola 12 za mteja mmoja. Ndani yake kuna VAT ya asilimia 20, nchi waliko hao wateja duka lenyewe, yaani App Store, ndo linaikusanya na kuipeleka serikalini, kwa hiyo dola 2 ni za serikali tangu mwanzo, zilikuwa zinapita tu. Inabaki dola 10. Kwenye hiyo 10 duka linakata kamisheni ya asilimia 15, yaani dola 1.50, na kijana anatumiwa dola 8.50. Zidisha kwa wateja 1,000 unapata ile 8,500 ya benki. Hesabu yake ya kujumlisha haikuwa na kosa lolote, kosa ni kuamini kwamba duka ndo mteja wake.

Mteja wake ni nani hasa? Kila kitu kinaanzia hapa. Kanuni ya kimataifa ya mapato, IFRS 15, iliyoanza kutumika Januari 2018, inauliza nani alikuwa na udhibiti wa hiyo huduma kabla haijamfikia mtumiaji. Kama ni wewe, basi wewe ndo muuzaji mwenyewe na unaandika bei yote aliyolipa mteja ukiondoa kodi, halafu kamisheni inakaa kwenye gharama. Hayo ndo mapato ghafi. Kama ulikuwa unamuunganisha tu mteja na mwenye huduma, wewe ni wakala, unaandika kile kipande chako peke yake, na hayo ndo halisi. Kwahiyo haya mambo ya ghafi na halisi siyo mtu anaamka anachagua namba inayompendeza, ni jibu la swali la nani anauza.

Kanuni inatoa viashiria vya kukusaidia. Nikamuuliza kijana, mtoto akifungua zoezi likagoma, mzazi anamlalamikia nani? Akasema mimi, meseji zinakuja kwangu usiku na mchana. Masomo yanakaa kwenye seva za nani? Zangu. Bei ya dola 12 nani kaipanga? Mimi, nimeichagua kwenye orodha ya bei. Basi umejijibu, wewe ndo muuzaji, duka ni wakala wako, linauza kwa niaba yako na kukukusanyia hela. Ni kweli duka ndo linakata kadi ya mteja na ndo linaamua kumrudishia hela akiomba, na hapo watu wengi wanachanganyikiwa, lakini kushika hela siyo kushika huduma. Mkataba wa madivelopa wa Apple wenyewe unasema Apple inateuliwa kuwa wakala wa divelopa kwenye mauzo hayo. Na ukisoma hesabu za Apple utaona kwa aplikesheni za watu wengine wao wanaandika kama mapato ile kamisheni tu. Sasa kama Apple anaandika kipande chake na wewe unaandika kipande chako, yale mauzo mazima ya dola 10 yako kwenye vitabu vya nani? Hakuna. Hiyo peke yake inatosha kukuonyesha kuna mtu kaandika vibaya.

Ila siyo kila njia ya kuuza inaangukia huko. Kampuni ya simu ikinunua kwako haki ya kutumia aplikesheni kwa bei ya jumla, ikaiweka kwenye kifurushi chake, ikapanga bei yake yenyewe na kuhudumia wateja wake, wewe unaandika ile bei ya jumla, hapo kampuni ya simu ndo mteja wako. Aplikesheni ni ile ile lakini mapato yanaandikwa tofauti, kwa hiyo angalia mkataba wa kila njia kivyake.

Mtu ataniuliza, faida si ile ile? Kweli, 10,000 toa 1,500 ni 8,500, kuna tofauti gani? Tofauti inakuja ukianza kulinganisha. Kamisheni haikai pale pale. Apple ilianza na asilimia 30 mwaka 2008, mwaka 2016 ikasema msajiliwa akitimiza mwaka mmoja wa kulipia basi inashuka mpaka 15, Januari 2021 ikaanzisha mpango wa biashara ndogo wa asilimia 15 kwa anayepata chini ya dola milioni 1 kwa mwaka (na hiyo milioni wanaihesabu baada ya kukata kamisheni yao, wengi hawalijui hilo), na Google Play kuanzia Januari 2022 sabskripsheni zikawa asilimia 15 toka siku ya kwanza. Sasa chukua huyu kijana, tuseme alikuwa kwenye asilimia 30 halafu akajiunga na mpango wa 15. Wateja ni 1,000 wale wale, bei ile ile. Anayeandika halisi ataonyesha mapato yametoka 7,000 mpaka 8,500, ukuaji wa zaidi ya asilimia 21, na hakuna hata mzazi mmoja mpya aliyeingia! Anayeandika ghafi ataonyesha 10,000 na 10,000, na gharama ya kamisheni imeshuka kutoka 3,000 mpaka 1,500, na hicho ndo kilichotokea kweli. Nimeona mtu anaenda kuomba mkopo na ukuaji wa namna hiyo, hadanganyi makusudi, vitabu vyake ndo vinamdanganya yeye mwenyewe kwanza.

Shida hiyo hiyo inatokea ukiwa na wateja wengine wanaolipia kwenye tovuti yako. Huko unaandika dola 10 nzima na makato ya kadi unaweka gharama, kwenye duka unaandika 8.50, mwisho wa mwaka unaangalia wastani unasema wateja wa simu wanalipa kidogo kuliko wa tovuti. Hawalipi kidogo, wewe ndo umewaandika kwa vipimo viwili.

Haya, namba ya ghafi unaitoa wapi wakati benki inaleta 8,500 tu? Kwenye ripoti za duka, na hapa twende polepole. Ripoti ya fedha ya Apple ina safu inaitwa `Customer Price`, hiyo ndo ile 12 na kodi iko ndani, usiichukue ukaiita mapato. Kuna `Partner Share`, hiyo ni 8.50 kwa sabskripsheni moja, na `Extended Partner Share` ni 8.50 mara idadi, ndo inayofanana na hela ya benki. Ile 10 ya katikati unaitafuta mwenyewe:

```
ghafi = Extended Partner Share / (1 - kamisheni)
8500 / (1 - 0.15) = 10000
```

Angalizo moja kubwa, fanya hivyo mstari kwa mstari, usichukue jumla ya mwezi ukaigawa mara moja. Ukiwa na wasajiliwa wapya wa asilimia 30 na wa zamani wa 15 kwenye ripoti moja, kugawa kwa kiwango kimoja kutakupa mauzo ambayo hayajawahi kuwepo. Google Play wao ripoti yao ya mapato ni rahisi zaidi, kila muamala unakuja na mistari yake, `Charge` ni malipo na `Google fee` ni kamisheni, na mteja akirudishiwa utaona `Charge refund` na `Google fee refund`. Hizo za kurudisha zinapunguza mapato, na kamisheni iliyorudi inapunguza gharama, usizitupe kwenye matumizi mengineyo. Na kama kuna nchi ambako duka halikulipii VAT ujue kodi hiyo imo ndani ya hela uliyotumiwa na ni jukumu lako, itoe kwanza kabla hujaita mapato.

Kitu kingine kinachowasumbua wengi ni tarehe. Mwezi wa Apple siyo mwezi wa kalenda, wana kalenda yao ya kifedha inayohesabiwa kwa wiki, mwezi mmoja wa robo mwaka una siku 35 na miwili ina siku 28. Hela yenyewe inakuja wiki kadhaa baada ya huo mwezi kuisha. Kwa hiyo ukiandika mapato siku benki inapopokea, mauzo ya Desemba yanaingia mwaka unaofuata, na Januari yako inaonekana nzuri kwa sababu ambayo siyo yake. Mauzo yaandikwe mwezi huduma ilipotolewa, na hela ambayo duka halijaleta ikae kama deni unalolidai duka.

Huduma ilipotolewa, nasisitiza, maana yule kijana alikuwa pia na kifurushi cha mwaka. Mzazi kalipa tarehe 1 Oktoba dola 120, toa VAT inabaki 100, kamisheni 15, benki imeingia 85, naye kaiandika yote 85 mwezi huo huo. Lakini mpaka 31 Desemba mtoto katumia miezi 3 tu, kwa hiyo mapato ya mwaka huo ni dola 25, na 75 ni deni la huduma unalodaiwa na huyo mzazi. Kamisheni nayo ukiigawa hivyo hivyo, 3.75 ni gharama ya mwaka huu na 11.25 inasubiri mwakani. Kwa mkataba usiozidi mwaka kanuni inaruhusu kuiandika gharama yote 15 papo hapo, mimi sipendi, maana faida ya Oktoba inazama na miezi inayofuata inapaa bila sababu, ila ukichagua hivyo fanya kwa mikataba yote ya aina hiyo.

Tukakaa naye jioni nzima tunarudia miezi 12. Jumla ya vifurushi vya mwezi ikapanda kutoka zile 8,500 mpaka 10,000 kila mwezi, na vya mwaka vikashuka sana maana hela nyingi alikuwa bado hajazifanyia kazi. Akanyamaza kidogo akaniuliza, kwa hiyo hela za hawa wa Oktoba nimeshazitumia kabla sijawafundisha watoto wao? Nikamwambia ndiyo, ndo maana ya ile 75.