Pampu haizimi tangi likijaa: kosa liko kwenye boya, kwenye kontakta au kwenye waya?

Tuliitwa kwenye bweni la shule moja ambako tangi la lita 10,000 lilikuwa limefurika usiku wa tatu mfululizo. Maji yalikuwa yamechimba mtaro chini ya mnara na kufikia msingi wake. Fundi wa shule alikuwa ameshabadilisha boya mara mbili, na la tatu lilikuwa bado kwenye boksi lake, likisubiri kufungwa. Tulimwomba asilifungue kwanza.

Boya ndilo hulaumiwa kwa sababu ndilo linaloonekana. Katika karakana yetu ya umeme huletewa maboya yaliyong'olewa kwenye matangi kwa madai kuwa yamekufa, na baadhi yake tukiyapima tunakuta ni mazima kabisa. Mwenye tangi ametoa pesa, amenunua jingine, na maji yanaendelea kumwagika.

Boya halizimi pampu. Ndani yake kuna gololi na swichi ndogo. Maji yakiwa chini, boya huning'inia, na gololi huiweka swichi katika hali ya kupitisha umeme. Maji yakipanda, boya huelea na kuinama upande wa pili, gololi huviringika, na swichi hukata. Kinachokatwa hapo ni umeme mdogo unaokwenda kwenye koili ya kontakta ndani ya paneli. Koili ni sumaku ya umeme: ikiwa na umeme huvuta pointi zigusane na mota ipate nguvu, ikikosa umeme huziachia na springi huzitenganisha. Basi kati ya maji na mota kuna vitu vitatu vinavyopokezana amri: boya linaloitoa, waya zinazoipeleka, na kontakta inayoitekeleza. Kazi ya fundi ni kujua amri ya kuzima imeishia wapi.

Kipimo cha kwanza hakihitaji kupanda mnarani. Pampu ikiwa inaendelea kusukuma huku tangi likifurika, nenda kwenye paneli uigeuze swichi ya kuchagulia kutoka AUTO hadi 0, kisha sikiliza. Hatua hii hata mlinzi wa zamu anaweza kuifanya, na akimweleza fundi matokeo yake kwa simu atakuwa amemrahisishia nusu ya kazi. Pampu ikizima, kontakta inatii, na kosa liko upande wa boya au waya zake. Isipozima, boya halihusiki kabisa, kwa kuwa kwenye 0 njia yote ya boya imeshatengwa.

Pale shuleni tuligeuza swichi hadi 0. Pampu haikubadili hata mlio.

Kinachofuata ni kazi ya fundi mwenye leseni na multimita, maana paneli ina umeme. Fundi wetu alipima volti kati ya A1 na A2, yaani miguu miwili ya koili. Angekuta volti 230, ingemaanisha kuna waya unaoilisha koili kwa njia ya pembeni bila kupitia swichi. Alikuta sifuri. Koili haikuwa na umeme, lakini pointi zilikuwa bado zimeshikana na mota inazunguka. Kwa matokeo hayo hakuna haja ya kubahatisha: pointi zimeungana kwa joto, au sehemu inayotembea ya kontakta imekwama kwa uchafu, mafuta au wadudu. Tulishusha breka kuu, tukaifunga isipandishwe na mtu mwingine, tukahakikisha hakuna umeme, kisha tukapima ukinzani kati ya miguu ya kuingizia umeme na ya kuutolea: L1 na T1, L2 na T2, L3 na T3. Kontakta iliyopumzika inatakiwa kuonyesha njia imekatika kote. Yetu ilipiga mlio wa kuunganika kwenye jozi zote tatu. Tulipoifungua, pointi mbili zilikuwa zimeyeyuka na kugandana, na zenyewe zilitosha kuishikilia ya tatu.

Hapa kuna hatari ambayo ningependa kila mwenye pampu ya fezi tatu aielewe. Wengi wanaamini kwamba mambo yakiharibika, ovalodi, kile kifaa cha kuhisi mota ikizidiwa kilicho chini ya kontakta, itaiokoa mota. Ovalodi haikati nyaya za mota. Ikipata moto hufungua swichi yake ndogo ya 95 na 96, ambayo kazi yake ni kuinyima koili umeme. Kama pointi zimeshagandana, kuinyima koili umeme hakubadilishi chochote. Zikigandana pointi mbili tu na ya tatu ikaachia, mota huendelea kuzunguka kwa fezi mbili, ikinguruma na kuchemka, na ovalodi imeshafanya yote inayoweza kufanya. Kilichobaki ni breka au mkono wa mtu. Ukisikia mngurumo huo swichi ikiwa kwenye 0, shusha breka kuu papo hapo, mengine yatafuata.

Kontakta mpya ilifungwa, na pampu ikazima vizuri kwenye 0. Tungeweza kuondoka. Lakini pointi hazigandani bila sababu. Mota inapowaka huvuta kwa muda mfupi mkondo mara 6 hadi 8 ya ule wa kawaida, na pointi hutoa cheche kila zinapogusana. Mara chache kwa siku, zinastahimili. Zikigonga mara nyingi mfululizo hazipati muda wa kupoa, uso wake unayeyuka, na siku moja hazitengani tena. Sababu moja ya kugonga hivyo ni volti ndogo: kontakta hutengenezwa ishike kuanzia takriban asilimia 85 ya volti za koili, kwa hiyo koili ya volti 230 ikipata chini ya 195 hivi huanza kutetemeka. Sababu nyingine ni kontakta ndogo kuliko mota. Kwenye kibandiko huandikwa namba mbili, kwa mfano ampea 25 kwa AC-1, yaani mizigo kama hita, na ampea 9 kwa AC-3, yaani mota. Mota huhesabiwa kwa AC-3, ile ndogo, lakini muuzaji hutaja kubwa.

Volti za pale zilikuwa 228, na mota ya kilowati 2.2, ambayo kwa fezi tatu huvuta ampea 5 hivi, ilistahili kontakta ile. Tukasubiri tangi likaribie kujaa, na jibu likasikika lenyewe: ta, ta, ta, kontakta mpya inashika na kuachia bila kutulia. Mmoja wetu alichungulia ndani ya tangi. Bomba la kuingizia maji lilikuwa linamwaga moja kwa moja juu ya boya, na boya linarukaruka kwenye wimbi. Isitoshe, kebo yake ilikuwa imebanwa karibu mno, likabaki na sentimita 8 tu za kujigeuza, hivyo maji yakishuka kidogo tu pampu inawaka tena. Mabadiliko yote mawili ya boya yaliyotangulia yalikuwa yamefungwa mahali palepale, kwa namna ileile. Tulilihamishia upande wa pili wa tangi na kulipa sentimita 25 za kebo huru, ili maji yashuke zaidi ya sentimita 30 kabla ya pampu kuwaka tena.

Sasa chukua tawi la pili: umegeuza hadi 0 na pampu imezima. Rudisha AUTO izidi kusukuma, kisha, baada ya kukata umeme wa kontroli, chomoa waya wa boya kwenye paneli na uwashe tena. Pampu ikibaki imezima, kosa liko kwenye boya au kebo yake. Ikiwaka ingawa boya limechomolewa, kuna waya unaolikwepa boya.

Boya lenyewe hupimwa mkononi, umeme ukiwa umezimwa. Weka multimita kwenye mlio, liinamishe chini, kisha liinue juu. Gololi isikike, na mlio ubadilike kila upande. Usipobadilika, swichi ya ndani imekufa au maji yameingia. Likiwa zima mkononi lakini halizimi pampu likiwa tangini, tazama linafungwa na nini: kebo imejisokota kwenye bomba, au, jambo ninalolikuta mara nyingi, bomba la kumwagia ziada liko chini ya kimo ambacho boya linahitaji ili ligeuke. Maji yanatoka kabla boya halijafika. Hapo hakuna kifaa kibovu, kuna vipimo vibaya.

Majumbani, ambako boya hufungwa moja kwa moja kwenye pampu ndogo bila kontakta, pointi zinazogandana ni za boya lenyewe. Soma maandishi yake: 10(4)A maana yake ni ampea 10 kwa mzigo kama hita, lakini 4 tu kwa mota. Pampu ya kilowati 0.75 ya fezi moja huvuta ampea 5 hivi, kwa hiyo boya hilo litabeba kwa miezi kadhaa kisha ligandane. Jingine la aina hiyohiyo litafuata njia ileile. Dawa ni kuweka kontakta katikati.

Makosa ya waya yana dalili zake. Boya lenye nyaya tatu linaweza kufungwa kwa kujaza au kwa kumwaga. Ukichagua waya usio wake, pampu inazima tangi likiwa tupu na kuwaka likijaa, kinyume kabisa. Rangi hutofautiana kati ya watengenezaji, kwa hiyo pima, usikariri. Kosa gumu zaidi kugundua ni kwenye paneli za vitufe vya kuwasha na kuzima. Kontakta ya namna hiyo hujishikilia yenyewe kupitia pointi ya 13 na 14. Fundi akiliunganisha boya sambamba na kitufe cha kuwasha, litawasha pampu vizuri, lakini likikata halina la kufanya, maana 13 na 14 zimeshachukua kazi. Boya lazima likae kwenye mstari mmoja na koili, baada ya tawi hilo la kujishikilia.

Kosa la mwisho linaua. Wapo wanaoliweka boya upande wa nyutro wa koili, waya wa moto ukienda A1 moja kwa moja. Kebo ikichubuka majini, umeme hupata njia ya kurudi kupitia maji na ardhi, na koili inayohitaji mkondo mdogo tu hubaki imeshika hata boya likikata. Pampu haizimi, na maji ya tangi yana umeme. Boya likate waya wa moto, saketi ilindwe na breka ya miliampea 30 inayokata umeme ukivuja ardhini, na mtu asitumbukize mkono tangini kulivuta boya kabla breka kuu haijashushwa.