Dola mia za mwisho

Naishi Uyole, Mbeya, na huuza opsheni za hisa za Marekani, yaani haki ya kununua au kuuza hisa kwa bei iliyopangwa hadi siku fulani. Majira ya kiangazi ya huko soko lao hufungwa saa tano usiku kwa saa zetu, kwa hiyo siku ya mwisho ya mkataba hunikuta nimejifunika blanketi, nikiomba umeme usikatike. Siku hizi usiku huo nimeupunguza kwa makusudi, na sababu ni gama.

Tuchukue hisa ya dola 100, inayotikisika kwa takriban asilimia 20 kwa mwaka. Zikiwa zimebaki siku 30, nauza mikataba 10 ya haki ya kununua kwa bei ya 105, kila mkataba ukiwa na hisa 100, napokea senti 60 kwa hisa, yaani dola 600. Hisa inapanda polepole hadi 104, na ikibaki siku moja opsheni hiyo inauzwa kama senti 10. Zimebaki dola 100 tu mezani, na mtu hushawishika kuzisubiri.

Sasa tazama delta, yaani kiasi ambacho bei ya opsheni husogea hisa inaposogea kwa dola moja. Kwenye 104 delta ni takriban 0.18, hivyo deni langu ni sawa na hisa 180. Hisa ikifika 105 linakuwa hisa 500, na kwenye 106 linapita 800. Gama ndiyo kasi hiyo ya delta kubadilika. Siku 30 kabla, dola moja karibu na bei ya mkataba ingeisogeza delta kwa 0.07 hivi, siku ya mwisho inaisogeza kwa zaidi ya 0.30. Anayejikinga kwa kununua hisa hununua 320 zikipanda, kisha huziuza zikishuka, yaani hununua ghali na kuuza rahisi.

Ni kweli kwamba muda nao humlipa muuzaji haraka zaidi siku hizo. Lakini hisa ikifunga kwenye 107 nadaiwa dola 2,000, na nikitoa zile 600 nabaki na hasara ya 1,400, kwa ajili ya kusubiri 100. Kupanda dola tatu kwa siku moja ni nadra, ila taarifa ya mapato ya kampuni inatosha.

Hatari hii iko karibu na bei ya mkataba tu. Hisa ingekuwa 95, gama ingekuwa karibu sifuri, na kufunga, yaani kuzinunua tena opsheni nilizouza, kungekuwa kumlipa broka bure. Ikiwa 105 na senti chache, kuna usumbufu mwingine: mnunuzi anaweza kuamua kuitumia haki yake hata baada ya soko kufungwa, mpaka saa sita na nusu usiku kwetu, nami nikaamka nikiwa nimeuza hisa ambazo sina.

Kwa hiyo mimi hufunga senti 60 zinapokuwa 15 au 20, wiki moja kabla, isipokuwa hisa iwe mbali kabisa.