Mstari mmoja chini ya jina: lini unaifaa CV kuliko aya ya utangulizi

CV nyingi ninazopokea kuzirekebisha zinaanza na aya ya mistari mitano, na ukifika mwisho wake bado hujajua mwenye CV anafanya kazi gani. "Mimi ni mchapakazi, mwaminifu, ninayeweza kufanya kazi na wenzangu au bila kusimamiwa." Aya hiyo mpe dereva, mpe muuguzi, mpe mhasibu, itawatosha wote. Mara nyingi naifuta nzima, kisha chini ya jina naweka mstari mmoja wenye vitu viwili tu: cheo, na upande wa kazi ambao mtu ameubobea.

Chukua mfano wa dada mmoja wa Dar es Salaam, mwenye miaka sita katika kampuni ya kutoa mizigo bandarini. Cheo kwenye mkataba wake kilikuwa "Afisa Operesheni". Cheo hicho kipo benki, kipo kwenye mabasi, kipo hata kwenye kampuni za ulinzi. Kazi yake halisi ilikuwa mizigo ya transiti: kuandaa nyaraka za forodha, kufuata malori mpaka Tunduma, na kuhakikisha dhamana ya forodha inafutwa mzigo ukishavuka kuingia Zambia. Haya yote yalikuwa yamefichwa ukurasa wa pili. Tukaandika hivi:

Afisa Operesheni, Uondoshaji Mizigo: transiti ya Zambia na Kongo kupitia Tunduma

Wazo lake la kwanza lilikuwa aandike "Afisa Forodha". Nikamkatalia, kwa sababu msomaji angedhani ni mtumishi wa TRA, halafu akifika kwenye orodha ya kazi akute kampuni binafsi. Hapo mashaka yanaingia kabla hata hajaitwa. Na "Meneja" hakuwahi kuwa, kwa hiyo hatukuligusa neno hilo. Kanuni ninayoifuata ni kwamba cheo kitoke kwenye kazi uliyoifanya, na upande wa kazi uandikwe kwa maneno ya tangazo, ilimradi ni kweli. Tangazo likiwa la Kiingereza, mstari nao uwe wa Kiingereza kama CV yote. Kwa taaluma zenye usajili uwe mwangalifu zaidi: hapa Tanzania, kwa mfano, wahandisi husajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, ERB, kwa hiyo mwenye shahada ambaye hajasajiliwa kama mhandisi mtaalamu asijiandike kana kwamba ameshasajiliwa.

Baada ya kuuandika, jaribu hivi. Soma mstari, ruka moja kwa moja hadi kazi ya karibuni zaidi, usome vipengele vyake viwili vya kwanza. Kama havizungumzii kile ulichokitaja juu, kimojawapo kibadilike. Kwa yule dada, kipengele cha kufuatilia dhamana kilikuwa cha saba. Tulikipandisha kikawa cha kwanza, na kuanzia hapo aya ya utangulizi haikuwa na la kuongeza.

Kwa umbo, usizidi mstari mmoja. Ukishukia wa pili, umeanza kuandika aya bila kujua. Herufi ziwe ndogo kuliko za jina na kubwa kidogo kuliko za maandishi mengine. Halafu uuweke kwenye ukurasa wenyewe, si katika ile sehemu ya juu ya Word inayojirudia kila ukurasa, maana baadhi ya mifumo ya kupokea maombi haiyasomi maandishi ya pale. Sifa kama "mbunifu" na "mwenye ari" zinakula nafasi bure, na vyeo vitatu vilivyotenganishwa kwa vistari vinamfanya mwajiri aone mtu ambaye hajaamua.

Mstari huu una mpaka wake, kwa kuwa unataja tu, hauwezi kueleza. Mwalimu wa hesabu aliyesoma uhasibu jioni na sasa anaomba kazi yake ya kwanza ya vitabu akiandika "Mhasibu", orodha ya kazi zake itampinga palepale. Akiandika "Mwalimu wa Hesabu", atawekwa pembeni. Huyu anahitaji aya, fupi, ya sentensi mbili au tatu: ametoka wapi, amepata cheti gani, na ni kazi gani ya hesabu za fedha ameshaifanya, hata kama ni kutunza vitabu vya saccos ya walimu. Vivyo hivyo kwa aliyekaa nje ya kazi miaka kadhaa, au aliyehama nchi na vyeo vyake havifahamiki anakoomba. Hawa wana jambo la kufafanua, na ufafanuzi hauingii katika maneno kumi.

Aliyemaliza chuo mwaka huu naye huniuliza aandike nini. Kama mafunzo yake ya vitendo yalikuwa kwenye fani anayoiomba, "Mhitimu wa Ugavi, mafunzo ya vitendo ya ghala la dawa" inatosha. Kama hayakuwa, aache jina na mawasiliano, ashuke moja kwa moja kwenye elimu.